Picha ya kabambe yenye tundu lisilokuwepo

Siku hizi ukifungua Status za WhatsApp asubuhi, duka lote liko mle: kabambe, redio za sola, sabufa, chaja, taa. Mteja wa Ndalu au Naitiri hahitaji kupanda matatu mpaka Tongaren mjini au Kitale kuona bidhaa. Anaangalia picha, anauliza bei, analipa kwa namba ya tili, na boda analeta. Kwa mauzo ya namna hii, picha ndiyo kaunta. Kile ambacho mteja amekiona kwenye picha ndicho anachoamini amelipia.

Na sasa wauzaji wengi hawapigi picha tena. Wanaiagiza programu ya akili mnemba, zile watu huita AI, iwachoree. Wanaandika maneno mawili matatu na picha inatoka imependeza kama ya tangazo la barabarani. Hilo halina ubaya kwetu. Shida tunayokutana nayo kwenye dawati la malalamiko ni nyingine: picha imependeza, lakini simu iliyo ndani yake haipo duniani.

Tuchukue kisa kimoja kutoka Tongaren, ambacho muuzaji mwenyewe alikubali tukitumie bila jina lake. Alikuwa na kabambe za bluu, bei shilingi 1,750. Akaiambia programu imtengenezee picha, akaiweka kwenye Status. Mama mmoja wa upande wa Ndalu akaipenda kwa sababu moja tu: kwenye picha, chini ya simu, palikuwa na tundu la chaja la taipu C, lile la mviringo. Nyumbani kwake chaja zote ni za taipu C kwa sababu ya simu kubwa ya bintiye. Akalipa 1,750, akaongeza 150 ya boda. Simu ilipofika, tundu lilikuwa la maikro USB.

"Mwanangu, hii siyo ile nililipia," akasema kwa simu.

"Mama, simu ni ile ile. Ni picha tu ilichorwa vibaya."

Mama hakutaka kusikia habari ya kuchorwa. Simu ikarudi, 150 nyingine ya boda ikaenda, na hakuna aliyepata kitu isipokuwa mwenye pikipiki. Muuzaji alirudisha 1,750, lakini ile 300 ya usafiri ikabaki kuwa ugomvi wa wiki nzima.

Tulipoitazama ile picha kwa kuikuza, tundu lilikuwa jambo dogo. Safu ya mwisho ya namba ilikuwa na alama ya reli pande zote mbili za sifuri, na nyota haikuwepo kabisa. Sasa wewe jiulize, kabambe isiyo na nyota utaingiaje kwenye menyu ya pesa? Menyu zote tunazopiga bila intaneti huanza na nyota na kuishia na reli. Mama wa Ndalu hakuliona hilo. Macho yake yalikuwa kwenye chaja.

Kwa nini programu hukosea hapo hapo

Programu hizi hazijui simu ni nini. Zimeonyeshwa picha nyingi sana na zimejifunza mambo gani huenda pamoja. Picha nyingi za simu za miaka ya karibuni zina tundu la taipu C katikati ya upande wa chini, basi ukisema "simu" bila kueleza zaidi, hilo ndilo utakalopewa. Kabambe ya bluu yenye tundu la maikro USB pembeni ni kitu kisichoonekana sana kwenye hizo picha, kwa hiyo programu inateleza kuelekea kile ilichokizoea.

Sababu ya pili ni ukubwa. Chukua picha ya pikseli 1,024 kwa 1,024, ambao ni ukubwa wa kawaida kwa programu nyingi. Kabambe yenye urefu wa sentimita 12 ikijaza robo tatu ya kimo cha picha, itakuwa na pikseli 768. Hiyo ni kama pikseli 6 kwa kila milimita. Herufi ndogo zilizoandikwa chini ya namba, tuseme zile pqrs za kwenye saba, zina kimo cha milimita moja na nusu hivi. Kwa hiyo kila herufi inapata pikseli 9 au 10 tu. Programu nyingi za aina hii hazifanyi kazi pikseli kwa pikseli. Huibana picha kwanza, na katika zile zinazojulikana sana kila kipande cha pikseli 8 kwa 8 hugeuka kuwa chembe moja. Ina maana herufi yako nzima inachorwa kwa chembe moja au mbili. Ndiyo maana maandishi ya batani hutoka kama michoro ya kuku. Programu haina nafasi ya kuyaandika, hata kama maagizo yako yalikuwa mazuri.

Na kuhesabu pia haijui. Inajua batani hukaa kwa safu za tatu tatu, lakini haihesabu moja, mbili, tatu. Inajaza mahali ambapo batani kwa kawaida hukaa.

Anza na simu iliyo mkononi

Tulikaa na yule muuzaji dukani tukarudia kazi yote. Jambo la kwanza halikuwa kuandika. Tuliishika simu, tukaihesabu, na yeye akaandika kwenye daftari la mkopo, ukurasa wa nyuma.

Mbele: skrini moja juu. Chini yake batani ya kuongoza ya mraba katikati, mbili za kuchagua kushoto na kulia, kisha ya kijani kushoto na nyekundu kulia. Halafu namba 12 kwa safu nne: 1 2 3, 4 5 6, 7 8 9, na mwisho nyota, sifuri, reli. Jumla batani 17. Namba tano ina kidoti kilichoinuka cha kumsaidia asiyeona apate katikati. Juu: tochi katikati na tundu la iyafoni la duara, milimita 3.5, upande wa kushoto. Chini: tundu moja la maikro USB, upande wa kulia. Pembeni kote: hakuna kitu.

Hilo la mwisho linasahaulika sana. Usiposema pembeni ni patupu, programu itaweka batani za sauti, kwa sababu simu kubwa huwa nazo.

Kisha akapiga picha tatu kwa simu yake mwenyewe: ya mbele, ya chini na ya juu. Upande wa chini wa kabambe hiyo ni sentimita 5 hivi. Ukijaza karibu picha nzima, kila milimita inapata pikseli kama 18 badala ya 6, na tundu la chaja lenye upana wa karibu milimita 7 linapata pikseli zaidi ya 120. Hapo hata mteja mwenye simu ya skrini iliyopasuka ataona umbo lake. Picha moja ya kuonyesha kila kitu ndiyo inayoleta uongo mwingi. Tatu za karibu ni bora, na bando zinazokula ni kidogo tu.

Maagizo yenyewe

Yale ya mwanzo, yaliyoleta ugomvi, yalikuwa haya:

```
Picha nzuri ya kabambe mpya ya bluu, inang'aa, ya kitaalamu
```

Hakuna neno hata moja hapo kuhusu tundu, batani au mwanga. Programu ilijaza yote yenyewe.

Njia tuliyoiona salama zaidi ni kuipa programu picha halisi na kuiomba ibadilishe mandhari peke yake:

```
Acha simu kama ilivyo kwenye picha hii: umbo, rangi,
batani 17, namba, herufi na matundu. Badilisha mandhari tu:
meza kavu ya mbao, ukuta wa krimu usio na maandishi.
```

Hapa pana mtego. Programu nyingi zikiambiwa "badilisha mandhari" huchora picha yote upya kimyakimya, simu ikiwemo. Inafanana, lakini saba imegeuka moja. Kama programu yako ina brashi ya kupaka sehemu ya kubadilishwa, itumie: paka ukuta na meza, simu usiiguse. Katika programu zinazofuata brashi kikweli, sehemu ambayo hukuipaka hubaki pikseli zile zile za kamera.

Ikiwa huna njia ila kuchora kutoka mwanzo, basi eleza kilichopo, mahali kilipo na umbo lake. Kwa upande wa chini tuliandika hivi:

```
Upande wa chini wa simu, ukitazamwa moja kwa moja.
Plastiki ya bluu, laini na tupu, isipokuwa tundu moja.
Tundu ni la maikro USB: jembamba, ukingo mmoja mrefu,
ukingo wa pili mfupi, pembe mbili zimekatwa mshazari.
Liko upande wa kulia, robo ya upana kutoka ukingoni.
```

Tazama kwamba hatukuandika "usiweke taipu C". Ukilitaja jina hilo, mara nyingi programu hulishika jina na kuliacha "usi". Mwambie kinachotakiwa: tundu la pembe zilizokatwa. Taipu C ina pande mbili zinazolingana na kona za mviringo, upana wake kama milimita 8. Maikro USB ni nyembamba kidogo, na ina upande mmoja mfupi. Ukieleza umbo, jina linakuwa la kusaidia tu.

Kwa Kiswahili yalieleweka. Maneno mawili ndiyo yalisumbua, "tundu", ambalo mara ya kwanza lilitoka kama shimo la msumari, na "reli". Tulipoandika alama yenyewe, `#`, na `*` kwa nyota, mambo yakanyooka. Namba za batani pia ziandike safu kwa safu, usiseme tu "batani za namba".

Mng'ao wa skrini

Sasa lile neno "inang'aa". Muuzaji aliliweka akimaanisha simu ni mpya. Programu ililielewa kuwa skrini iwe na mistari mipana meupe ya mwanga, mshazari, kama kioo cha gari juani. Mistari hiyo ikapita hadi kwenye batani na kufuta namba 3 na 6.

Skrini ni kioo, na kioo huurudisha mwanga kwa pembe ile ile uliokuja nayo. Ukisimama mbele ya simu moja kwa moja, unachokiona ndani ya skrini ni wewe mwenyewe na kilicho nyuma yako. Dirisha lililo pembeni mwanga wake unagonga kioo na kutokea upande wa pili, hauji kwenye kamera. Basi kwa picha ya kamera, simu ilazwe karibu na mlango, kivulini, mwanga ukitoka kushoto, na anayepiga avae sweta nyeusi. Yule muuzaji alicheka, lakini shati lake jeupe lilikuwa limeonekana lote ndani ya skrini.

Katika maagizo ni kanuni hiyo hiyo. Usiandike "bila mng'ao". Eleza mwanga unatoka wapi:

```
Skrini imezimwa, nyeusi. Mwanga mmoja laini kutoka dirisha
la kushoto. Kamera iko mbele ya simu moja kwa moja.
Mng'ao mmoja mwembamba kwenye ukingo wa kushoto wa skrini,
haufiki kwenye batani. Kivuli chepesi upande wa kulia.
```

Kwa nini tunaacha mng'ao mmoja? Kwa sababu skrini isiyo na mng'ao hata kidogo huonekana kama karatasi iliyobandikwa, na mteja anashuku. Utepe mwembamba ukingoni unaonyesha ni kioo. Ukipata picha ambayo kivuli kiko kulia na mng'ao mkubwa uko kulia pia, programu imechanganya mianga miwili. Rudia.

Kwa simu za mtumba tuna msimamo mkali zaidi: usiiguse skrini kabisa kwa akili mnemba. Programu ikiona mkwaruzo huufuta kwa sababu inadhani ni kasoro ya picha, na mng'ao mpana hufunika ufa vizuri sana. Mteja atakapofungua mfuko hatakubali kwamba ni programu ndiyo iliyofanya hivyo. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji bidhaa, ya mwaka 2012, inahesabu kuwa ni maelezo ya uongo kusema bidhaa ina sifa au vifaa ambavyo haina. Na picha nayo husema.

Kitu kingine cha skrini: iache imezimwa. Programu ikiachiwa huweka menyu ya kubuni, na tumeona picha zenye menyu ya malipo inayokaribia kufanana na yetu, yenye namba ya tili isiyo ya mtu yeyote anayejulikana. Mteja akiisoma namba hiyo kwenye picha na kulipia hapo, pesa inaenda kwa mgeni. Namba yako ya tili iandike mwenyewe chini ya picha, kwa maandishi ya kawaida, na jina la duka linalotokea mteja anapolipa. Na kabla ya kuipa programu picha yoyote, hakikisha haionyeshi ujumbe wa salio lako, wala ile stika ya namba za IMEI iliyo chini ya betri.

Kukagua kabla ya kuweka Status

Tulitengeneza picha nane siku hiyo. Tatu ndizo zilizopita. Ukaguzi wenyewe ni wa watu wawili: mmoja anashika simu halisi na kutaja, mwingine anaangalia picha iliyokuzwa. "Batani ya kijani?" "Kushoto." "Chini ya nane?" "Sifuri." "Kushoto kwa sifuri?" Hapo mara mbili jibu lilikuwa reli, picha ikafutwa. Mmoja akijikagulia peke yake, macho husoma kile anachojua kipo.

Usijaribu kuirekebisha picha mbovu mara tano kwa kuiambia "rekebisha nyota". Mara nyingi inarekebisha nyota na kuharibu tisa. Paka ile safu moja kwa brashi na uombe safu hiyo tu, au bandika picha ya kamera. Nasi tukikushauri kwa ukweli, kwa bidhaa ya chini ya shilingi 2,000 picha ya kamera penye mlango na ukuta msafi inatosha. Akili mnemba itumike kwa ukuta na meza.

Wewe unayenunua

Ukiona picha safi sana, ikuze na uangalie batani kwanza. Tano iko katikati ya mbili na nane? Nyota iko kushoto kwa sifuri, na reli kulia? Herufi za kwenye mbili ni abc na kwenye tisa ni wxyz? Mpangilio huu ni mmoja kwa simu karibu zote za kubonyeza, wa kampuni yoyote ile. Ukiona umevurugika, ile picha imechorwa. Hiyo haina maana kwamba muuzaji ni mwizi, lakini usiitumie kuamua kuhusu chaja.

Kabla ya kulipa, muombe picha ya kamera ya upande wa chini wa simu, chaja ikiwa imechomekwa. Mwenye simu dukani anaipiga kwa nusu dakika. Chaja iliyoingia mpaka mwisho inaonyesha aina ya tundu bila mjadala. Yule mama wa Ndalu sasa huomba hivyo hivyo, na huongeza aonyeshwe tochi ikiwaka.

Na ujue jambo hili kuhusu pesa. Ombi la kurudishiwa muamala limewekwa kwa ajili ya pesa iliyokwenda namba isiyo sahihi. Ukilipa tili sahihi kwa bidhaa isiyofanana na picha, huo ni mgogoro wa bidhaa, na sisi hatuwezi kuitoa pesa kwa muuzaji bila yeye kukubali. Kwa hiyo hifadhi picha ya Status kabla haijafutika, kwani hukaa saa 24 tu, pamoja na ujumbe wa malipo. Mkielewana na muuzaji, kubalianeni pia mapema nani atalipa boda wa kurudi. Duka lile la Tongaren limeandika kwenye karatasi, ukutani na kwenye Status: simu ikitofautiana na picha, boda wa kwenda na kurudi ni juu ya duka.